Ruhusa Hupewa Timu, Vipindi Hupotea kwa Mwanafunzi

Muhula wa pili ukishika kasi, mabasi ya manjano ya shule huongezeka katika barabara ya Kisumu kwenda Kericho. Ukisimama Awasi, pale njia ya Chemelil inapoachana na barabara kuu, utayaona yakipita asubuhi wanafunzi wakiimba, jezi zikipepea madirishani. Huo ndio msimu wa soka, voliboli na netiboli katika shule za sekondari. Ndio pia msimu ambapo meza ya mkuu wa shule hupokea ombi moja mara nyingi kuliko mengine: mwanafunzi fulani aruhusiwe kukosa masomo ili akaiwakilishe shule.

Ombi hilo kwa kawaida hukubaliwa upesi. Mwalimu wa michezo huleta orodha ya majina, mkuu wa shule hutia sahihi na mhuri, wazazi hupewa fomu, na kufikia saa moja asubuhi basi limeshatoka langoni. Katika karatasi zote hizo kuna jina la shule, jina la mashindano, umri wa mchezaji na picha yake. Kitu kimoja hakimo: masomo gani yatampita, na atayapata lini. Hapo ndipo penye tatizo ambalo makala haya yanalifuatilia. Ruhusa hutolewa kwa timu nzima kwa sahihi moja, lakini hasara ya masomo humwangukia mtoto mmoja mmoja, kila mmoja kwa namna yake, na hakuna anayeipima.

Saa ambazo mashindano hayatoshei

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zilipanga siku ya shule waziwazi. Masomo ya darasani ni kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Kuanzia hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni wakati wa michezo, vilabu na shughuli nyingine za nje ya darasa. Ni dakika 75 kwa siku. Dakika hizo zatosha mazoezi, lakini haziwezi kubeba mashindano ya shule kumi zinazocheza kwa makundi, kisha nusu fainali, kisha fainali. Hivyo mashindano huingia ndani ya saa za masomo, na ndiyo maana ombi la ruhusa lipo.

Mashindano yenyewe yamejengwa kwa ngazi. Chama cha michezo cha shule za sekondari nchini, KSSSA, huanzia kwenye zoni, kisha kaunti ndogo, kaunti, eneo la Nyanza, halafu taifa. Washindi wa kitaifa huenda mashindano ya Afrika Mashariki ya FEASSSA, ambayo mwaka 2022 yalifanyika Arusha, 2023 Huye nchini Rwanda, na 2024 nchini Uganda. Shule ya Awasi inapoomba ruhusa ya siku mbili za zoni, kwa kweli inafungua mlango ambao hakuna ajuaye utafungwa wapi. Timu ikishindwa, mchezaji amepoteza siku mbili. Ikishinda, ataondoka tena baada ya wiki chache, na tena. Ushindi ndio unaokula vipindi vingi zaidi, na shule huomba ruhusa kila ngazi kana kwamba ni ya kwanza.

Katika uwanda wa Kano hesabu hii ina uzito wa ziada, kwa sababu muhula wa pili huanza wakati wa masika. Mwaka 2024 shule zilikuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili, lakini mafuriko yalisukuma ufunguzi hadi tarehe 13 Mei. Wiki mbili zikapotea kwa nchi nzima, na kwa familia za kando ya mto Nyando zilizohamishwa na maji hasara haikuishia hapo. Msimu wa michezo haukungoja. Mwanafunzi aliyeanza muhula akiwa nyuma kwa wiki mbili aliitwa uwanjani kabla hajafidia hata siku moja.

Alhamisi ile ile kila mara

Ili kuiona hasara yenyewe, tumchukue mwanafunzi wa mfano. Ni msichana wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa karibu na Awasi, mchezaji wa voliboli. Shule yake ina vipindi vinane kwa siku, kila kimoja cha dakika 40, yaani vipindi 40 kwa wiki. Timu yake ni nzuri, na muhula huu inafika ngazi ya Nyanza. Tuseme mashindano ya zoni yamekula Alhamisi na Ijumaa, ya kaunti ndogo Alhamisi na Ijumaa, ya kaunti Jumatano hadi Ijumaa, na ya Nyanza wiki nzima. Jumla ni siku 12 za masomo, sawa na vipindi 96.

Mzazi akisikia 96, atafikiri kila somo limepunguzwa kidogo kidogo. Sivyo. Angalia tena siku zenyewe. Katika siku hizo 12, Jumatatu ni moja, Jumanne ni moja, Jumatano ni mbili, lakini Alhamisi ni nne na Ijumaa ni nne. Mashindano hupendelea mwisho wa wiki, kwa hiyo hupiga masomo yale yale kila mara.

Sasa tuweke ratiba juu yake. Kemia ina vipindi vitano kwa wiki: kimoja Jumatatu, kimoja Jumatano, viwili vilivyounganishwa Alhamisi kwa ajili ya maabara, na kimoja Ijumaa. Historia ina vinne: kimoja Jumatatu, viwili Jumanne na kimoja Jumatano. Msichana wetu atapoteza vipindi 15 vya kemia, ambavyo ni wiki tatu kamili za somo hilo. Katika historia atapoteza vitano tu, wiki moja na kidogo. Ameondoka mara nne pamoja na wenzake, kwa ruhusa moja, lakini ndani ya daftari zake somo moja limebomoka na jingine limekwaruzwa tu. Mwenzake wa mkondo mwingine, ambaye maabara yake huwa Jumanne, amepoteza vipindi saba tu vya darasani na jaribio moja. Orodha ya majina yenye mhuri haiwezi kuonyesha tofauti hiyo. Ratiba ya kila mchezaji ndiyo inayoionyesha, na kuisoma huchukua dakika kumi.

Ndiyo maana swali la kawaida la wazazi, kwamba mtoto atakosa siku ngapi, halitoshi. Swali lenye faida ni siku zipi, na siku hizo zina nini.

Kinachonakilika na kisichonakilika

Mwanafunzi akirudi, njia iliyozoeleka ya kufidia ni kuazima daftari la rafiki na kunakili. Kwa baadhi ya masomo njia hii inafaa. Maelezo ya historia juu ya mkutano wa Berlin yananakilika, na akiyasoma kwa makini pamoja na kitabu ataelewa. Lakini kuna vipindi ambavyo haviingii kwenye daftari la mtu mwingine.

Chukua mada ya moli, mojawapo ya mada za mwanzo za kemia ya kidato cha tatu. Ndani yake kuna titresheni. Mwanafunzi hupima mililita 25 za alkali kwa pipeti, huongeza matone machache ya kiashiria, kisha huachilia asidi kutoka kwenye bureti kidogo kidogo mpaka rangi ibadilike. Hufanya hivyo mara tatu, hujaza jedwali la vipimo vitatu, hutafuta wastani, halafu hukokotoa. Rafiki anaweza kumpa jedwali lililojaa tarakimu. Hawezi kumpa mkono uliozoea kufunga bomba la bureti tone moja kabla ya rangi kupita kiasi, wala jicho lililozoea kusoma usawa wa maji chini ya mbonyeo wake. Karatasi ya tatu ya kemia katika mtihani wa KCSE hupima hasa mkono na jicho hilo, na titresheni ni mgeni wake wa kila mara.

Kinachoumiza zaidi ni kwamba pengo hili halionekani mapema. Msichana atapata alama nzuri katika jaribio la kuandika kwa sababu amenakili fomula na kuzikariri. Udhaifu utajitokeza mwaka unaofuata, mbele ya bureti halisi, vipimo vyake vitatu vitakapopishana kupita kiasi kinachokubalika. Wakati huo hakuna atakayekumbuka Alhamisi nne za voliboli. Atasema hana akili ya kemia, na pengine mwalimu ataafiki.

Mwalimu anayetaka kujua mapema ana njia rahisi. Afungue daftari la mchezaji na asome tarehe tu. Daftari lenye tarehe zilizoruka, au lenye kurasa nyingi za mwandiko mmoja wa haraka chini ya tarehe moja, linasema kila kitu. Kisha ampe mwanafunzi swali moja la hatua mbili kutoka katika kurasa hizo. Aliyeelewa ataanza kuandika. Aliyenakili atarudi nyuma kutafuta mfano unaofanana.

Vipindi 96 havirudi

Hapa inafaa kusema ukweli ambao barua nyingi za ruhusa huuficha kwa ahadi ya jumla kwamba mwanafunzi atafidia masomo aliyokosa. Hatayafidia yote. Nafasi haipo.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 37, inakataza masomo ya ziada wakati wa likizo, kwa hiyo kazi haiwezi kusukumwa hadi Agosti. Mwanafunzi wa bweni ana masomo ya jioni, saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu usiku. Msichana wetu ni wa kutwa. Saa hizo yuko nyumbani, na huenda kabla ya kushika daftari ameteka maji na kupika. Kwake zinabaki zile dakika 75 za alasiri, ambazo ndizo timu huzitumia kwa mazoezi. Mwalimu wa michezo akiachilia alasiri mbili kwa wiki, na kila alasiri ikatoa kipindi kimoja, kwa wiki kumi atapata vipindi 20.

Ishirini kati ya 96. Hiyo ndiyo hesabu ya kweli, na mtu akiikubali mambo huwa wazi, kwa sababu sasa kazi ni kuchagua. Vipindi vya maabara huingia kwanza, maana havinakiliki. Vinafuata vipindi vinavyofungua mada mpya katika hisabati na sayansi, kwa sababu aliyekosa kipindi cha kwanza cha mada atakaa darasani wiki mbili akiandika asichokielewa, na hizo nazo zitakuwa wiki alizozipoteza ingawa yupo. Vipindi vya marudio, vya kusahihisha mitihani na vya kusoma kitabu cha fasihi kwa sauti vinaweza kuachwa kwa daftari la rafiki na juhudi yake mwenyewe.

Kufidia maabara kunahitaji maandalizi ambayo ni lazima yafanywe kabla basi halijaondoka. Tuseme wachezaji watatu wa darasa moja watakosa titresheni ya Alhamisi. Kila mmoja, kwa vipimo vitatu na maji ya kusuuzia vifaa, atahitaji kiasi cha mililita 150 za asidi na kiasi kama hicho cha alkali. Kwa watatu ni takriban nusu lita ya kila kimoja. Fundi wa maabara akiambiwa Jumatano, ataongeza nusu lita katika mchanganyiko anaoutengeneza na kuiweka kando, chupa ya sodiamu haidroksaidi ikiwa imefungwa vizuri kwa kuwa hunyonya kaboni dayoksaidi ya hewani na nguvu yake hupungua. Jumanne inayofuata kazi itafanyika. Asipoambiwa, Jumanne atalazimika kupima kemikali upya kwa ajili ya watu watatu, na uzoefu unaonyesha kwamba haitafanyika.

Darasa ambalo halikuombwa ruhusa

Kuna hasara nyingine ambayo ombi la mwanafunzi halitaji kabisa. Mwalimu wa michezo ni mwalimu wa somo pia. Kiwango cha TSC kwa mwalimu wa sekondari ni vipindi 27 kwa wiki, na yule anayefundisha voliboli anaweza kuwa ndiye mwalimu wa jiografia wa madarasa manne. Anapoondoka na timu siku mbili, vipindi kumi hivi vya jiografia hubaki bila mtu. Wasichana wakisafiri lazima waandamane na mwalimu wa kike, naye anaacha madarasa yake. Wanafunzi wasiojua hata kupokea mpira wanapoteza masomo kwa safari ambayo hakuna aliyewaomba ruhusa.

Serikali hupanga shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kwa mwaka, na humo shilingi 1,500 ni za shughuli za nje ya darasa. Fedha hizo huenda kwenye mafuta ya basi, chakula na ada za mashindano. Anayeshika darasa la mwalimu aliyesafiri hana fungu lake. Njia inayowezekana katika shule yenye walimu wachache ni kubadilishana kabla ya safari: mwalimu wa Kiswahili anachukua vipindi vya jiografia Alhamisi kwa kufundisha somo lake mwenyewe mbele ya ratiba, naye mwalimu wa jiografia anamlipa vipindi hivyo wiki ifuatayo. Darasa halipotezi kipindi. Masomo yamebadilishana siku tu. Mpango huo unahitaji karatasi moja na naibu wa mkuu wa shule anayeusimamia.

Barua inayostahili kujibiwa ndiyo

Kama ombi ndilo mlango, basi ombi lenyewe ndilo la kurekebisha. Mwanafunzi anapaswa kuliandika mwenyewe, wala si kuandikiwa jina katika orodha. Akiandika mwenyewe ataisoma ratiba yake, ataiona Alhamisi, na atalazimika kuzungumza na walimu wake kabla ya safari. Hii hapa ni barua ambayo msichana wetu wa mfano angeweza kuiandika kabla ya mashindano ya kaunti ndogo:

> Kwa Mkuu wa Shule,
> Kupitia kwa Mwalimu wa Darasa.
>
> KUH: OMBI LA RUHUSA YA KUKOSA VIPINDI ALHAMISI NA IJUMAA
>
> Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na mchezaji wa timu ya voliboli. Naomba ruhusa ya kukosa masomo siku mbili wiki ijayo ili niiwakilishe shule katika mashindano ya kaunti ndogo.
>
> Nitakosa vipindi 16. Vitatu ni vya kemia, na viwili kati ya hivyo ni vya maabara. Mwalimu wa kemia amekubali nifanye jaribio hilo Jumanne saa tisa na nusu alasiri pamoja na wachezaji wenzangu wawili, na mwalimu wa michezo ametuondoa katika mazoezi ya siku hiyo. Katika hisabati mada mpya inaanza Ijumaa. Mwalimu atanieleza mwanzo wake Jumatano wakati wa chakula cha mchana, nami nitafanya zoezi la kwanza nyumbani Jumapili. Masomo mengine nitanakili na kumwonyesha mwalimu wa darasa daftari zangu kufikia Ijumaa ya wiki inayofuata.
>
> Hii ni mara ya pili muhula huu kuomba ruhusa. Tukishinda, nitaomba ya tatu. Jaribio la maabara la mara ya kwanza nilishalifanya, na mwalimu ametia sahihi hapa chini. Mzazi wangu ameisoma barua hii na kutia sahihi.
>
> Wako mtiifu,
> Mwanafunzi.

Barua hii ina mambo matatu ambayo orodha yenye mhuri haina. Kwanza, inahesabu vipindi na kuvitaja kwa masomo yake. Pili, inataja mtu, siku na saa ya kufidia, kwa hiyo Jumanne ikipita bila jaribio itajulikana nani hakutimiza. Tatu, inataja safari iliyotangulia na kama deni lake limelipwa. Jambo hili la tatu ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwa sababu linamfanya mkuu wa shule aione safari ya nne kwa uzito wake halisi.

Ombi la mjadala linahitaji barua tofauti kidogo. Shindano la mjadala mara nyingi humalizika kwa siku moja, Ijumaa au Jumamosi, na kwa hesabu ya vipindi linaonekana jepesi. Lakini mjadala hula muda kabla ya siku yenyewe. Katika mfumo wa mashindano ya dunia ya shule, kila upande una wasemaji watatu wa dakika nane kila mmoja, kisha hotuba ya majibu ya dakika nne, na baadhi ya hoja hutolewa saa moja tu kabla ya kuanza. Msemaji hawezi kusimama dakika nane bila kusoma kwa wiki kadhaa, na masomo hayo hufanyika jioni, katika saa za kazi za nyumbani. Mchezaji hupoteza Alhamisi; msemaji hupoteza jioni za wiki tatu, na hakuna rejista inayozihesabu. Barua yake itaje basi maandalizi yataanza lini, yataishia lini, na jioni ngapi za wiki zitabaki kwa masomo.

Rejista na masharti

Kifungu cha 32 cha sheria ile ya 2013 kinamtaka mkuu wa shule achunguze sababu mwanafunzi anapokosa kuhudhuria. Kwa hiyo kutokuwapo kwa mchezaji ni jambo linalotakiwa kuwa na maelezo yaliyoandikwa. Shida ni alama ya kuweka. Akiandikwa hayupo, anafanana na mtoro aliyekwenda kuchezea kando ya mto. Akiandikwa yupo, mwalimu wa kemia hana kumbukumbu ya kumwonyesha kwamba alikosa maabara nne. Shule za Uingereza zina herufi ya tatu: rejista huandikwa P kwa mwanafunzi aliye katika mchezo uliokubaliwa na kusimamiwa, kwa hiyo hahesabiwi mtoro, lakini inajulikana hakuwa darasani. Shule ya Awasi haihitaji idhini ya Nairobi kuanza kutumia alama kama hiyo katika daftari lake la ndani la darasa.

Wapo wanaotaka sharti kali zaidi, kwamba anayeshindwa masomo asicheze. Jimbo la Texas nchini Marekani liliweka sheria ya namna hiyo mwaka 1984: mwanafunzi aliyepata chini ya alama 70 katika somo aliondolewa mchezoni kwa wiki sita, muda ambao ulipunguzwa hadi wiki tatu mwaka 1995. Naelewa kwa nini mzazi wa Awasi angeipenda sheria hiyo, lakini siiungi mkono hapa. Kuna wavulana na wasichana ambao timu ndiyo inayowafanya waamke asubuhi waje shuleni, wakati shamba la miwa, boda boda na uvuvi vinawaita. Ukiwanyang'anya mpira kwa sababu ya alama ya kemia, huenda ukapoteza kemia na mtoto pia. Zaidi ya hayo, alama zimeshuka kwa sababu shule yenyewe iliwapeleka uwanjani Alhamisi nne. Sharti la haki ni deni: safari ya pili isiruhusiwe kabla maabara ya safari ya kwanza haijafidiwa. Deni hilo liko mikononi mwa mwanafunzi na mwalimu wake, na linalipika kwa alasiri moja.

Jibu la hapana lina mahali pake hata hivyo. Mwanafunzi aliyetoka safari moja Ijumaa asipelekwe nyingine Jumatatu kwa sababu anacheza michezo miwili. Mtahiniwa wa kidato cha nne mwenye mradi wa KCSE, kama ule wa kilimo au wa kompyuta, asiondoke wiki ambayo hatua ya mradi inakaguliwa, kwa kuwa kazi hiyo hupewa alama kwa hatua na haiwezi kuandikwa kwa usiku mmoja. Na safari ambayo ratiba yake inaonyesha basi litarudi usiku isiidhinishwe, kwa sababu wanafunzi hawatakiwi kusafirishwa usiku. Ama fainali ichezwe mapema, ama timu ilale huko, na siku hiyo ya kulala ihesabiwe ndani ya ombi tangu mwanzo.

Kabla ya msimu ujao

Tangu Januari 2026, gredi ya 10 imeingia katika sekondari ya juu, na mojawapo ya njia tatu za masomo ni ile ya sanaa na sayansi ya michezo. Kwa mwanafunzi aliyeichagua njia hiyo, uwanja ni sehemu ya darasa lake, na mashindano yanaweza kuhesabiwa kama kazi ya somo. Lakini wengi wa wachezaji wa timu hiyo hiyo watakuwa katika njia ya sayansi au ya masomo ya jamii, na kwao Alhamisi itabaki Alhamisi. Ruhusa moja kwa wote itakuwa na dosari kubwa zaidi kuliko leo, kwa sababu safari moja itakuwa somo kwa mmoja na pengo kwa mwingine.

Kazi ya kufanya ni ndogo na ina tarehe. Bodi ya shule ikutane mwanzoni mwa muhula wa pili, kabla ya zoni, ikiwa na kalenda ya mashindano upande mmoja na ratiba ya masomo upande wa pili. Iulize maabara za madarasa yenye wachezaji wengi ziko siku gani. Kama ziko Alhamisi, ratiba ihamishe maabara hizo hadi Jumanne kwa muhula huo mmoja. Katika mfano wetu, mabadiliko hayo peke yake yangempunguzia msichana wa voliboli maabara anazozikosa kutoka nne hadi moja, bila kumwondolea hata mechi moja. Na mzazi anayeletewa fomu ya kutia sahihi aulize kwanza mwanaye atakosa masomo gani na atayafidia lini. Akikosa jibu, fomu hiyo bado haijakamilika, na ana haki ya kuirudisha shuleni ikajazwe.